Bidhaa ipo dukani ila mteja akitafuta haipati: kagua herufi za jina kwanza

Swali ni lilelile ila linakuja kwa sura tofauti. "Bidhaa yangu ipo, naiona kabisa dukani, ila nikiandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafuta naambiwa haipo, shida nini?" Wengine wanakimbilia kubadilisha muonekano wa duka zima, wengine wanalipia plagini, na kuna wanaofuta bidhaa wakaiweka upya, hao ndo wanaojiumiza zaidi. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo soma hapa, manake mara nyingi kosa ni herufi moja tu kwenye jina, na herufi yenyewe unaweza kuikodolea macho mchana kutwa usiione.

Mwongozo huu ni wa wenye maduka ya WordPress na WooCommerce, ambayo ndo wengi mnatumia. Kama unauza kwenye sehemu nyingine menyu zitakuwa tofauti ila ukaguzi wa herufi ni uleule.

Kisa chenyewe, manake ndo tutakachofanyia kazi

Kuna dada mmoja wa Tanga anauza viungo vinavyotoka milimani huko Amani, Usambara Mashariki: mdalasini, pilipili manga, karafuu, na iliki. Iliki ndo bidhaa yake kubwa. Bei yake iko juu kuliko viungo vingine, inatoka haraka, na watu wanaomjua wanamfuata kwa ajili hiyo hiyo iliki. Alipofungua duka la mtandaoni hakutaka kuandika majina yote kwa mkono, akapiga picha karatasi yake ya bei iliyochapwa, akatumia ile huduma ya simu ya kutoa maandishi kwenye picha, akakopi na kupesti jina moja moja. Kazi ikaisha haraka.

Sasa ile huduma iliposoma neno "Iliki" ikaona mistari miwili iliyosimama wima mwanzoni, I kubwa na l ndogo. Ikaamua zote mbili ni I kubwa. Kwenye fonti nyingi za simu na za maduka herufi hizo mbili zinafanana kabisa, kwahiyo yeye alipoangalia skrini aliona "Iliki ya Amani gramu 100", imenyooka, haina kosa. Kumbe ndani ya mashine kumeandikwa hivi:

```
IIiki ya Amani gramu 100
```

Duka likaenda. Wateja wa zamani aliwatumia linki moja kwa moja kwa WhatsApp, wakawa wananunua iliki kupitia hiyo linki, oda zikawa zinaingia, kwahiyo hakuna kilichomshtua. Wateja wapya wao wanaingia dukani, wanaandika "iliki", wanaambiwa hakuna, wanaondoka. Mtu aliyekosa kitu hakupigii simu kukuambia amekosa, anaenda kwa mwingine. Yeye akabaki anajiuliza mbona mdalasini unapata wageni na iliki hainunuliwi na mtu mpya hata mmoja, akadhani labda bei.

Aliyegundua ni mteja, mama mmoja wa Morogoro. Alimwandikia, "Mwanangu, iliki mmeacha kuuza? Nimetafuta hapo dukani kwako sioni." Dada akajibu, "Shikamoo mama, ipo tele, hii hapa linki yake." Yule mama akaifungua, akanunua, halafu akarudi: "Marahaba. Iliki nimeiona, ila hiyo linki yako imeandikwa iiiki, i tatu zimefuatana. Ndo jina gani hilo?"

Dada akarudi kwenye jina la bidhaa, akalisoma, akaliona sawa tu. Akaja kuuliza. Sasa twende kwenye kazi.

Jambo moja la kuelewa, halafu basi

Kisanduku cha kutafuta cha WordPress cha kawaida hakina akili ya kusema "labda ulimaanisha hivi". Kinachukua maneno aliyoandika mteja, kinapita kwenye jina la bidhaa, maelezo mafupi na maelezo marefu, kinaangalia kama herufi hizo zipo kwa mpangilio huohuo. Mteja akiandika maneno mawili, yote mawili lazima yapatikane mahali fulani kati ya hizo sehemu tatu. Herufi kubwa na ndogo hakijali, ndo maana I kubwa na i ndogo kwake ni kitu kimoja, ila I na l ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hapo kuna kitu cha kushangaza kidogo: herufi ya ziada mwanzoni au mwishoni mwa neno mara nyingi haifichi bidhaa. Ukiandika "Ilikii" kwa bahati mbaya, mteja anayetafuta "iliki" ataipata, kwa sababu herufi i-l-i-k-i bado zipo zimefuatana humo ndani. Na ukiandika "Hiliki" kama wanavyosema wengine, wa "iliki" ataipata pia. Kinyume chake hakifanyi kazi, aliyeandika "hiliki" hatapata bidhaa inayoitwa "Iliki". Kinachoficha ni kosa linalovunja mpangilio wa neno lenyewe: herufi iliyobadilishwa, zilizopishana, iliyorukwa, au nafasi iliyoingia pasipotakiwa, mfano "il iki".

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Akaunti ya kuingia dukani yenye cheo cha Administrator au Shop manager. Kama duka ulitengenezewa na fundi na yeye ndo ana paswedi, anza kwa kuipata hiyo.
- Kompyuta, ya kuazima pia sawa. Hatua za kwanza unaweza kwa simu ila ile ya orodha nzima kwenye simu itakutesa.
- Meseji zako za WhatsApp na wateja, usizifute.
- Google Sheets, ambayo ni bure.
- Daftari na kalamu. Sitanii, utaona kwanini.

Hatua ya 1: Andika maneno ya wateja, usiandike yako

Fungua meseji za wateja na uandike kwenye daftari maneno wanayotumia wao wakiulizia bidhaa. Neno lilelile kama walivyoliandika. Utakuta "iliki", "hiliki", "iliki nzima", "iliki ya kusaga", "viungo vya chai". Kama unauza nguo utakuta "kanga", "khanga", na wa Mombasa watakuandikia "leso".

Kwa nini daftari? Kwa sababu ukikopi maneno kutoka dukani kwako ukayapesti kwenye kisanduku cha kutafuta, unakopi na kosa lake, kwahiyo utaipata bidhaa na utaamini kila kitu kiko sawa. Dada wa Tanga alifanya hivyohivyo yule mama alipomwambia mara ya kwanza: alikopi jina, akapesti, ikatokea, akajua tatizo ni simu ya mama. Andika kwa vidole, herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Ingia dukani kama mgeni na utafute

Fungua dirisha la siri kwenye brauza, lile lisilokumbuka akaunti zako, uingie dukani bila kulogini. Ni muhimu kwa sababu ukiwa umelogini kama mwenye duka unaweza kuonyeshwa hata bidhaa zilizowekwa private, ambazo mteja hazioni.

Andika neno la kwanza kutoka kwenye daftari. Au tumia anwani yenyewe, ukiweka jina la duka lako badala ya example.com:

```
https://example.com/?s=iliki&post_type=product
```

Kwa kila neno jiulize swali moja: natakiwa kuona bidhaa ngapi hapa, na naona ngapi? Usiridhike kwa sababu umeona kitu. Yule dada akiandika "gramu 100" alikuwa anaona orodha ndefu na iliki ikiwemo. Akiandika "iliki" ndo anapata "No products were found matching your selection."

Usishangae ukiandika neno ukarushwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa bidhaa bila kuona orodha. WooCommerce hufanya hivyo pale matokeo yakiwa ni bidhaa moja tu. Ila kama unajua una bidhaa tatu za aina hiyo na umerushwa kwenye moja, basi mbili zimejificha.

Weka alama kwenye daftari kwa kila neno lililokosa bidhaa inayotakiwa.

Hatua ya 3: Soma linki, usisome jina

Ingia sehemu ya Products, fungua bidhaa iliyojificha. Macho yako yatakimbilia jina, yazuie, nenda chini yake kwenye Permalink. Ile sehemu ya mwisho ya linki WordPress iliitengeneza yenyewe kutokana na jina ulivyoliandika siku ya kwanza, na iliigeuza yote kuwa herufi ndogo. Hapo I kubwa haina tena pa kujificha:

```
Iliki ya Amani  ->  iliki-ya-amani
IIiki ya Amani  ->  iiiki-ya-amani
```

Hicho ndicho alichokiona mama wa Morogoro, tena bila kulogini popote.

Angalizo: linki haibadiliki unapobadilisha jina baadaye. Kwahiyo linki safi haithibitishi kwamba jina ni safi, kama jina liliguswa tena baada ya kuchapishwa. Na linki chafu inaweza kuwa ya kosa la zamani ulilosharekebisha. Linki inakupa dalili, jibu kamili liko hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Kagua majina yote kwa pamoja

Ukipata kosa moja usiishie hapo, kama jina moja liliingia kwa kupesti na mengine yaliingia hivyohivyo. Kwenye Products bonyeza Export, utapata faili la CSV lenye bidhaa zako zote. Lifungue kwenye Google Sheets. Lina safu nyingi sana, wewe chukua safu ya Name peke yake, ihamishie kwenye shiti mpya kwenye safu A.

Kwenye safu B, mbele ya kila jina, andika kwa mkono neno ambalo mteja lazima aipatie hiyo bidhaa. Kwa iliki andika iliki, kwa mdalasini andika mdalasini. Ndiyo, moja moja, kwa mkono. Kama una bidhaa mia mbili anza na zile zinazokuingizia hela na nyingine umalizie kesho.

Safu C weka hii na uiburute mpaka chini:

```
=ISNUMBER(SEARCH(B2,A2))
```

TRUE maana yake neno lako lipo ndani ya jina. FALSE maana yake kwenye jina halipo, hata kama macho yako yanaapa kwamba lipo. Mstari wa iliki wa yule dada ulitoa FALSE, na hapo ndo akaacha kubishana.

Safu D weka hii:

```
=REGEXMATCH(A2,"[^ -~]")
```

Hii inasaka herufi yoyote ambayo haiko kwenye kibodi ya kawaida ya Kiingereza. Kiswahili chetu hakihitaji herufi yoyote ya nje ya hizo, kwahiyo kila TRUE hapa ni ya kutiliwa shaka: inaweza kuwa nafasi isiyoonekana iliyokuja na maandishi uliyokopi mahali, au herufi ya alfabeti nyingine inayofanana na o au a yetu. Kistari kirefu nacho kitatoa TRUE ila hicho hakina madhara kama kimezungukwa na nafasi.

Zingatia kwamba ukaguzi huu wa pili usingemkamata "IIiki", kwa sababu I kubwa ni herufi halali kabisa. Ndo maana unafanya yote mawili.

Safu D ndo iliyomfumania dada yetu kwa mara ya pili. Anauza pia samli ya ng'ombe, na jina lilitoa TRUE. Aliliandika kwenye aifoni, na aifoni ikiachwa ilivyo inageuza alama ya ng' iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Mteja mwenye simu nyingine akiandika ng'ombe kwa alama iliyonyooka, kwa mashine hayo ni maneno mawili tofauti. Kama unatumia aifoni nenda Settings, General, Keyboard, uzime Smart Punctuation kabla hujaandika jina lingine lolote lenye ng'.

Hatua ya 5: Rekebisha jina kwa kuliandika upya

Rudi kwenye bidhaa, futa jina lote, liandike upya kwa kibodi. Usijaribu kubadilisha ile herufi moja tu, kwanza huioni, pili unaweza kubadilisha isiyo yenyewe, tatu kama kuna nafasi isiyoonekana itabaki palepale.

Ukiwa hapohapo tengeneza maelezo. Huku ndo kwenye kosa la pili la yule dada, na kwangu mimi hili ni kubwa kuliko la herufi. Maelezo yake yalisema: "Punje za kijani, kubwa, zimekauka vizuri, harufu unaisikia kabla hujafungua pakiti." Maelezo matamu, ila neno iliki halimo hata mara moja! Angelitaja humo mara moja tu, bidhaa ingepatikana hata na jina bovu, kwa sababu mashine inasoma na maelezo pia. Jina la bidhaa lilikuwa nguzo peke yake, ikaliwa na mchwa.

Aliandika upya hivi: "Iliki nzima, wengine husema hiliki, kutoka Amani, Usambara Mashariki. Punje za kijani, kubwa, zimekauka vizuri. Kiungo cha chai, pilau na maandazi. Pakiti ya gramu 100." Sasa aliyeandika "iliki chai" anaipata, na wa "hiliki" anaipata, na wa "iliki pilau" pia. Kwenye samli akaongeza ndani ya maelezo neno "ngombe" bila ile alama, manake ukweli ni kwamba watu wengi kwenye simu hawahangaiki nayo. Wanasarufi watakasirika, lakini mteja atafika. Kwenye jina lenyewe acha ng'ombe iliyoandikwa sawasawa.

Usimwage maneno ishirini mfululizo ukidhani unasaidia, mteja akiona "iliki hiliki iliki nzuri iliki bei rahisi iliki Tanga" anajua amefika kwa tapeli. Majina mawili au matatu ndani ya sentensi ya kawaida yanatosha.

Hatua ya 6: Rekebisha linki, kwa uangalifu

Bonyeza Edit pembeni ya Permalink, andika iliki-ya-amani-gramu-100, halafu Update. Hapa watu wanaogopa, "linki nilishawatumia wateja wote wa WhatsApp, si zitakufa?" Kwa bidhaa ambayo tayari ilishachapishwa, WordPress huikumbuka linki ya zamani na kumpeleka mtu kwenye mpya yenyewe. Ila usiniamini, jaribu: chukua ile linki ya zamani uliyomtumia mteja, ifungue kwenye dirisha la siri, uone kama inakufikisha.

Kama una hofu na linki iko kwenye vipeperushi ulivyochapisha, iache ilivyo. Kilichokuwa kinaficha bidhaa kwenye kisanduku cha kutafuta ni jina na maelezo, na hayo umeshayatengeneza.

Usifute bidhaa ukaiweka upya. Narudia kwa sababu kila mara kuna mtu anafanya. Ukifuta, maoni ya wateja yanaenda, hesabu ya mauzo ya ile bidhaa inaanza sifuri, na linki zote za zamani zinaishia kwenye ukurasa wa 404 kwa sababu hakuna tena bidhaa ya kuzielekeza.

Hatua ya 7: Jaribu tena, halafu waambie Google

Dirisha la siri jipya, andika neno kwa mkono, angalia. Ikitokea, nenda Google Search Console kama umeshaliunganisha duka, pesti linki ya bidhaa kwenye URL Inspection, ubonyeze Request Indexing. Google ni mjanja kuliko kisanduku cha dukani kwako, anarekebisha makosa mengi ya anayetafuta, ila ukurasa ambao hauna neno iliki popote hata yeye alikuwa hana pa kuushikia. Haitakuwa dakika hiyohiyo, inaweza kuchukua siku kadhaa au zaidi, na kubonyeza tena na tena hakuharakishi kitu.

Baada ya hapo kila ukiweka bidhaa mpya fanya hatua ya 2 papo hapo kabla hujaitangaza. Na kama unatoa maandishi kwenye picha, kuwa mkali na maneno yenye I kubwa, l ndogo, na namba 1, vilevile O na 0. Hizo ndo zinazochanganywa.

Kwa wanaouza kwenye minada ya mtandaoni, huko kuna watu kazi yao ni kutafuta kusudi majina yaliyokosewa, kwa sababu wanajua bidhaa iliyojificha haina washindani. Mwaka 2007 kwenye eBay kuliuzwa chupa ya bia ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya safari ya Aktiki ya 1852, jina sahihi ni Allsopp's, muuzaji akaandika kwa p moja. Ikaondoka kwa dola 304. Aliyeinunua akaiweka tena ikiwa na jina sahihi na dau likapanda kupita dola nusu milioni. Lile dau la mwisho lilikuja kuonekana ni la utani na hela haikulipwa, kwahiyo usiimeze ile namba kubwa, ila 304 ya kwanza inatosha kukuonyesha watu wa pembeni wanaona nini pale wewe usipoona.

Ukikwama

*Nimerekebisha jina ila mteja bado haioni.* Duka lako huenda lina plagini ya kache inayotunza kurasa za zamani. Ifute kache, jaribu na simu nyingine. Kama una plagini maalumu ya kutafuta, hiyo ina orodha yake yenyewe ya bidhaa, ingia kwenye mipangilio yake uijenge upya.

*Safu C yote ni TRUE, safu D ni FALSE, na bidhaa bado haitokei.* Basi kosa sio herufi. Fungua bidhaa, upande wa Publish angalia Catalog visibility. Ikiwa imewekwa Shop only, itaonekana kwenye kurasa za duka ila kwenye kutafuta haitatokea kamwe, yaani dalili zilezile za yule dada kwa sababu nyingine kabisa. Weka Shop and search results. Ukikuta hapo pako sawa angalia stoku: kwenye WooCommerce, Settings, Products, Inventory kuna chaguo la kuficha bidhaa zilizoisha, na kama stoku imeandikwa 0 kimakosa bidhaa inapotea.

*Neno moja linaipata, maneno mawili hayaipati.* Rudi juu, maneno yote lazima yawepo. Mteja akiandika "iliki nzuri" na wewe hujaandika "nzuri" popote, hapati. Huwezi kuziba kila pengo, ziba yale yanayojirudia kwenye daftari lako.

*Nimeweka neno kwenye tagi na kategoria ila halisaidii.* Ni kweli, kutafuta kwa kawaida hakusomi tagi wala kategoria. Lipeleke kwenye maelezo.

*Linki mpya imejiongezea -2 mwishoni.* Kuna bidhaa nyingine imeshachukua jina hilo. Haina madhara kwa kutafuta, unaweza kuiacha, au badilisha maneno kidogo.

*Linki zote za bidhaa zinatoa 404 baada ya kugusagusa.* Nenda Settings, Permalinks, usibadilishe kitu, bonyeza Save Changes tu. Ikigoma hata hapo, usiendelee kubonyeza, mtafute aliyekutengenezea duka na umpe linki moja ya mfano pamoja na alichokiona mteja kwenye skrini.

*Nitajuaje kama kuna nyingine zimejificha bila kusubiri mama wa Morogoro?* Ingia Analytics, Products, uangalie bidhaa ambayo kwa mkono inatoka sana ila dukani inanunuliwa na watu walewale tu uliowatumia linki. Hiyo anza nayo, na ile orodha ya daftari.